Mizizi Ikitofautiana kwa Namba Kamili, Usikimbilie Logi

Kwenye njia ya Frobenius tunaanza na y = xʳ(a₀ + a₁x + a₂x² + …), ambapo a₀ si sifuri, kisha tunapata mizizi miwili ya r. Tofauti yake isipokuwa namba kamili, kila mzizi unatoa jibu lake. Mizizi ikilingana, logi lazima iwepo. Kasheshe ni pale tofauti ikiwa namba kamili kama 1 au 2: wengi wanaandika logi papo hapo, na maksi zinaondoka.

Mimi huanza na mzizi mdogo. Chukua mlinganyo wa Bessel, x²y″ + xy′ + (x² − ν²)y = 0. Mizizi ni ν na −ν, na kila aₙ inapatikana kwa:

[(r + n)² − ν²]aₙ = −aₙ₋₂

Weka ν = 1/2 na r = −1/2. Tofauti ni 1, kwa hiyo tunakagua n = 1. Unapata 0·a₁ = 0, maana hakuna a₋₁. Hapo hakuna ugomvi: a₁ inaweza kuwa namba yoyote. Mzizi huo mmoja unakupa majibu yote mawili, cos x/√x na sin x/√x, bila logi.

Sasa weka ν = 1 na r = −1. Tofauti ni 2, tunakagua n = 2: 0·a₂ = −a₀. Haiwezekani, kwa sababu a₀ si sifuri. Basi jibu la kwanza, y₁, litoe kwenye mzizi mkubwa, r = 1. La pili ndilo litakalobeba y₁ ln x, pamoja na mfululizo unaoanza na x⁻¹.