Hamu ya Kale kama Hisia ya Uchungu na Utamu: Zilipendwa na Ngoma za Nyumbani za Wazaramo

Utangulizi

Kata ya Janga, iliyo jirani na mji wa Mlandizi katika Wilaya ya Kibaha, imo katika eneo la Mkoa wa Pwani ambalo, pamoja na Kisarawe, limekuwa makazi ya Wazaramo kwa muda mrefu. Ni eneo lililo karibu na Dar es Salaam kiasi kwamba kwenda mjini si safari ya kuaga ukoo. Mtu huondoka alfajiri na pengine akarejea jioni. Hata hivyo, ukaribu huo haukuzuia watu wa huku kuikosa hali ya nyumbani. Katika miaka ya 1970 majina ya ngoma za Kizaramo yalianza kusikika katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, na miongo michache baadaye dansi hiyohiyo ikawa ndiyo inayokumbukwa kwa jina la zilipendwa. Makala hii inaitumia historia hiyo kueleza hisia inayoitwa hapa hamu ya kale. Inaonesha kwamba nguvu ya hisia hiyo ya kuwaunganisha watu na kuyapa maisha maana haitokani na utamu wake peke yake, na kwamba nguvu hiyo ina mipaka inayoweza kutambuliwa.

Maana ya hamu ya kale

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa hisia hii. Wazungumzaji hutumia hamu, shauku, ukiwa au majonzi kulingana na muktadha, na kila neno hushika upande mmja tu wa jambo. Hamu huelekea kwenye kitu kinachotakiwa. Ukiwa huelekea kwenye pengo lililobaki. Hisia inayojadiliwa hapa hubeba vyote viwili kwa wakati mmoja.

Katika lugha za Ulaya dhana hii ilipata jina mwaka 1688, pale Johannes Hofer alipowasilisha tasnifu ya utabibu huko Basel. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, na akaiona hali hiyo kuwa ni ugonjwa. Mtazamo huo ulidumu muda mrefu. Mabadiliko makubwa ya karibuni yalitokana na kazi ya Wildschut na wenzake (2006), waliochunguza masimulizi ya watu kuhusu mambo wanayoyakumbuka kwa hamu. Walibaini kwamba msimulizi mwenyewe huwa mhusika mkuu, lakini mara nyingi huwa amezungukwa na watu wa karibu naye. Walibaini pia kwamba masimulizi hayo mara nyingi huanza kwenye shida na kuishia kwenye faraja kuliko kinyume chake, na kwamba kichocheo kikubwa cha hisia hii ni huzuni, hasa upweke. Hepper na wenzake (2014) walipolinganisha uelewa wa dhana hii katika nchi 18, Uganda na Ethiopia zikiwamo, walikuta mfanano mkubwa wa sifa zinazotajwa. Kwa hiyo ni halali kuitumia dhana hii kuchunguza Pwani ya Tanzania, ijapokuwa namna inavyosemwa huku ina upekee wake.

Upekee huo unaonekana kwanza katika neno zilipendwa lenyewe. Kimofolojia, neno hili lina kiambishi cha upatanisho zi- kinachorejelea nyimbo, kiambishi cha wakati uliopita -li-, mzizi -pend-, kiambishi cha kauli ya kutendwa -w- na kiishio -a. Uchungu umo ndani ya -li-: nyimbo zilipendwa, na sarufi haisemi kama bado zinapendwa. Kauli ya kutendwa nayo hufanya kazi ya pili. Mtenda hakutajwa, haijulikani nani alizipenda. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo kila msikilizaji huijaza kwa watu wake: mama aliyekuwa akiimba jikoni, kaka aliyenunua redio ya kwanza nyumbani, rafiki aliyekwisha fariki. Si rahisi kupata jina la aina ya muziki linaloeleza hisia yake kwa ufupi kama hili.

Kutoka msondo wa mwali hadi jukwaa la dansi

Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jina lake lilibadilika kadiri chama hicho kilivyobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam na kuitwa DDC Mlimani Park. Kama bendi nyingine za wakati ule, kila moja ilikuwa na jina la mtindo wake wa uchezaji. Mtindo wa kwanza uliitwa Msondo, wa pili Sikinde. Majina yote mawili ni ya ngoma za Wazaramo. Msondo ni ngoma ndefu, na pia ni jina la uchezaji wake katika shughuli za kumtoa mwali. Sikinde ilitangazwa kwa kaulimbiu ya ngoma ya ukae, na ukae kwa Kizaramo ni nyumbani.

Jambo linalofaa kuzingatiwa ni kwamba muziki wenyewe haukuwa wa kijijini. Ulikuwa wa magitaa, tarumbeta na saksafoni, wenye athari kubwa ya rumba ya Kongo, na ulipigwa na wanamuziki wa makabila na mikoa mbalimbali mbele ya hadhira ya mchanganyiko uleule. Mchezaji aliyetoka Bukoba au Songea hakuwahi kuchezewa msondo na nyanya yake. Hata hivyo, jina la ngoma ya nyumbani lilimtosha. Hakuhitaji kuwa Mzaramo ili aelewe kwamba kila mtu ana ukae wake. Nyumba ya Mzaramo ikawa mfano wa nyumba ya kila mhamiaji, na ukumbi ukawa mahali pa kuikosa nyumbani pamoja na wengine walioikosa. Hapa ndipo hisia ya mtu mmoja inapogeuka kuwa kiunganishi cha kijamii.

Historia hii ina tabaka mbili. Kwa waliocheza dansi miaka ya 1970 na 1980, kitu kilichokumbukwa kilikuwa kijiji. Kwa wanaosikiliza nyimbo hizo leo, baada ya redio binafsi za miaka ya 1990 na ujio wa bongo fleva, kitu kinachokumbukwa ni ukumbi wenyewe na sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako nyingi ya nyimbo hizo zilirekodiwa. Hamu ya wazazi imekuwa ndiyo kumbukumbu ya watoto.

Jinsi hisia inavyofanya kazi

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mzee wa Janga aliyefanya kazi kiwandani Dar es Salaam ujanani, akarudi kulima. Jioni moja anasikia redioni wimbo wa Sikinde. Hisia ya kwanza si furaha. Anahisi kifua kuwa kizito, kwa sababu aliokuwa akicheza nao wengi wametawanyika au wamefariki. Hatua ya pili ni picha. Haoni tu jukwaa bali anaona watu: waliokuwa wakikaa naye chumba kimoja, aliyemlipia kiingilio mwisho wa mwezi. Hatua ya tatu ni hisia ya kwamba aliwahi kuwa mtu wa watu, na kwamba jambo hilo halifutiki. Hatua ya nne, ambayo si lazima itokee, ni tendo: anampigia simu mmoja aliyebaki, au anamsimulia mjukuu.

Mfuatano huo unaafikiana na matokeo ya utafiti. Zhou na wenzake (2008), wakianza na watoto waliohamia mji wa Guangzhou nchini China, walionesha kwamba upweke hupunguza hisia ya kuwa na watu wa kumsaidia mtu, lakini upweke huohuo huamsha hamu ya kale, nayo hamu hurudisha sehemu ya hisia iliyopotea. Routledge na wenzake (2011) walikuta kwamba nyimbo zinazoamsha hamu ya kale huwafanya wasikilizaji wajihisi wanapendwa na waone maisha yana thamani, na kwamba maana hiyo hupitia katika uhusiano na watu. Kwa maneno mengine, mzee huyo hapati maana kwa kuwa zamani ilikuwa nzuri. Anaipata kwa kuwa zamani ilikuwa na watu. Uchungu hapo si dosari ya hisia. Ndio unaothibitisha kwamba watu hao walikuwa na uzito kwake.

Mipaka

Matokeo mengi ya kutia moyo yametokana na majaribio ambamo mshiriki huombwa achague kumbukumbu anayoithamini. Newman na wenzake (2020) walipofuatilia hisia hii jinsi inavyojitokeza yenyewe katika maisha ya kila siku, waliikuta ikiambatana zaidi na hali mbaya ya moyo. Verplanken (2012) alionesha kwamba kwa watu wenye mazoea ya kuhangaika, hamu ya kale huweza kufuatwa na ongezeko la wasiwasi na huzuni. Nao Iyer na Jetten (2011) walibaini kuwa manufaa yake hutegemea kama mtu bado anahisi kuna uzi unaounganisha maisha yake ya zamani na ya sasa.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kwa eneo hili. Mzee wa mfano uliotolewa akikosa wa kumpigia simu, na mjukuu asipojua neno ukae, hatua ya tatu hubaki bila ya nne. Dalili yake husikika katika usemi. Masimulizi yenye afya hutaja watu kwa majina na matendo yao. Yaliyoharibika hutaja enzi tu, na kila sentensi huwa ulinganisho wa zamani na siku hizi. Mtafiti anayekusanya data ya masimulizi angefanya vyema kuhesabu majina ya watu kabla ya kuhesabu maneno ya furaha.

Upo mpaka mwingine usiopaswa kupitwa. Marja-Liisa Swantz (1970), katika utafiti wake kuhusu Wazaramo, alieleza kwa kina kutawishwa kwa mwali, ambako kwa desturi ya zamani msichana aliwekwa ndani kwa muda mrefu kabla ya kuchezwa na kutolewa. Msondo ni sehemu ya shughuli hizo. Kwa mwanamume ukumbini jina hilo lilikuwa ladha ya nyumbani. Kwa mwanamke aliyewekwa ndani, jina hilohilo huweza kubeba fahari ya siku ya kutolewa, ukaribu na kungwi na shangazi, na pia kumbukumbu ya miezi ya kutoonekana. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hamu yake ina uwiano uleule wa uchungu na utamu. Uchambuzi wa zilipendwa uliotegemea zaidi kumbi na wanamuziki, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume, umeuacha upande huu karibu mtupu, na wanawake waliochezewa msondo katika vijiji vya Kibaha na Kisarawe ndio wenye data hiyo.