Kuitafuta Aria kwa Maneno Matatu

Dada mmoja mpenzi wa muziki aliusikia redioni wimbo wa opera, mwanamke akiimba peke yake kwa Kiitaliano, na mtangazaji akaenda kwenye taarifa bila kuutaja. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa kidogo: sauti ya soprano, mwendo wa polepole wenye huzuni ya kuagana, mwisho unaopanda juu sana, na maneno matatu aliyoyaandika alivyoyasikia. Maneno hayo ni neandro, lontana na neve.

Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa, wakidhani bila Kiitaliano hawawezi kuendelea. Kwa kweli msikilizaji wa Kiswahili anaanza vizuri. Kiitaliano huandika irabu kwa herufi tano zilezile tulizo nazo, na husomeka karibu kama kinavyoandikwa, kwa hiyo neno ulilolisikia sawasawa na kuliandika kwa mazoea yetu mara nyingi litafanana na neno lenyewe. Penye hatari ni konsonanti chache. Sauti yetu ya ch wao huiandika kwa c ikifuatwa na e au i, na herufi zao ch husomwa k. Ny yetu wao ni gn. Kwa hiyo ukisikia "chelo", jaribu cielo, na ukisikia "sonyo", jaribu sogno.

Mtego mkubwa zaidi ni mipaka ya maneno. Katika uimbaji wa Kiitaliano, neno likiishia kwa irabu na linalofuata likianza kwa irabu, mara nyingi silabi hizo mbili huimbwa kwenye nota moja. Sikio la mgeni huyaunganisha maneno mawili yakawa moja. Dada yule alidhani Neandro ni jina la mwanamume, akamtafuta mhusika wa jina hilo katika hadithi za opera, na hakumpata. Tulipoligawa neno likawa ne na andrò, mambo yakabadilika: andrò ni "nitakwenda". Herufi ya mwisho yenye alama ya mkazo ni dalili ya wakati ujao kwa nafsi ya kwanza. Na lontana, kwa sababu linaishia na a, ni "mbali" linalomhusu mwanamke. Anayeimba anasema juu ya nafsi yake kwamba atakwenda zake mbali.

Hapo tayari tulikuwa na kisa, ingawa hatukuwa na jina.

Kuna jambo ambalo wanaotafuta nyimbo hizi hawaambiwi vya kutosha: usiliamini neno ulilolisikia kwenye nota za juu kabisa. Soprano anapopanda karibu na kilele cha sauti yake hulazimika kufungua kinywa zaidi, na irabu hupoteza tofauti zake. E, o na i zote huanza kusikika kama a. Konsonanti nazo hufifia. Neno la kuaminika ni lile lililoimbwa katikati ya sauti, hasa mwanzoni mwa sentensi, ambako mwimbaji husema karibu kama anavyozungumza. Dada yule alikumbuka vizuri sauti ya kilele lakini hakukumbuka neno lolote la pale, na hilo lilinipa imani na yale matatu, kwa kuwa yote aliyasikia mapema, kabla sauti haijapanda.

Maneno hayalingani thamani pia. Amore, cuore, addio na morire yamejaa katika opera, na ukiyatafuta utaletewa nusu ya maktaba. Neve, yaani theluji, ni adimu. Soprano wa opera ya Kiitaliano huimba juu ya mapenzi, Mungu, baba, usiku na kifo. Theluji ni nadra. Neno adimu likiambatana na neno la kawaida hupunguza orodha kuliko maneno kumi ya mapenzi.

Lakini usilitafute kwenye faharasa ya majina. Aria nyingi huitwa kwa maneno yake ya kwanza, na msikilizaji hukumbuka zaidi katikati au mwisho. Tafuta ndani ya maneno yote ya wimbo. Testo ndilo neno la Kiitaliano kwa maneno ya wimbo, basi mtandaoni tuliandika hivi:

```
"lontana" "neve" soprano aria testo
```

Alama za kunukuu hulazimisha neno lenyewe litafutwe bila kubadilishwa.

Kabla ya kufungua majibu, dada alishikilia dhana yake: kwamba ni Mimì wa La bohème, opera ya Puccini ya mwaka 1896. Dhana hiyo ina mashiko. Sehemu ya tatu ya opera hiyo ina theluji jukwaani, Mimì ni soprano, na humwimbia mpenzi wake maneno ya kuagana. Ila ukisoma maneno ya aria ile, iitwayo "Donde lieta uscì", utakuta anataja vitu vyake vidogo alivyoviacha chumbani. Theluji haimo mdomoni mwake, na lontana halimo. Theluji ya jukwaani huonekana kwa macho tu, wala redio haiwezi kuipitisha. Aliyesikia neve aliisikia ikiimbwa.

Majibu yalitupeleka kwingine, kwa "Ebben? Ne andrò lontana" ya opera La Wally, iliyotungwa na Alfredo Catalani na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1892 katika jumba la La Scala, Milano. Wally ni binti wa milima ya Alpi. Baba yake anataka aolewe na mwanamume asiyempenda, naye anakataa, anatakiwa aondoke nyumbani, na ndipo anapoimba kwamba atakwenda. Theluji imo, lontana imo, na ne andrò ndiyo yale "neandro" ya karatasini.

Hata hivyo, maneno kulingana hakutoshi. Tulisikiliza waimbaji wawili tofauti, kwa sababu kasi na namna ya kuvuta sauti huweza kumfanya mtu aukane wimbo aliousikia jana. Dada alikitambua kilele cha karibu na mwisho mara ya kwanza tu, na kwa mwimbaji wa pili vilevile. Maneno, aina ya sauti na mahali pa kilele vilikubaliana, na hapo nikaridhika.

Simu inaweza kusaidia, lakini ujue inachofanya. Programu ya kutambua muziki kama Shazam hulinganisha sauti unayoisikia na rekodi iliyo kwenye hazina yake, kwa hiyo inafaa wimbo ukiwa bado unapigwa. Ukivumisha mwenyewe kwa mdomo, inabidi utumie huduma iliyotengenezwa kutambua mvumo, nayo huangalia zaidi jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Aria huisumbua, kwani waimbaji huchelewesha nota na kuziunganisha, nawe utaiga ucheleweshaji uleule.

Na kwa aria hii mvumo peke yake ungeweza kukupeleka kwa jina jingine. Catalani hakuitunga sauti hiyo kwa ajili ya Wally. Aliitunga mwaka 1878 kama wimbo wa kujitegemea wenye jina la Kifaransa, "Chanson groënlandaise", kisha akaichukua na kuiweka katika opera yake miaka mingi baadaye. Anayetafuta kwa sauti tu anaweza kuupata wimbo ule wa kwanza na kuona kwamba amekosea, ilhali sauti ni ileile. Maneno ya Kiitaliano ndiyo yanayoonyesha kwamba ulichosikia ni Wally.