Bomu Moja, Padi Moja, Watu Wawili

Baba anapenda taarifa ya habari na karata. Kijana wake wa miaka 15 anapenda gemu za kurushiana risasi. Wakiketi pamoja mbele ya pleisteshen, mara nyingi huishia kwenye gemu ya mpira, kwa kuwa mpira angalau wote wawili wanaujua. Kijana anashinda sita bila. Baba anaweka padi chini, anasema tutacheza kesho, na kesho hiyo haifiki. Kinachowashinda si kupenda vitu tofauti. Padi ina vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi, na vidole vya kijana vimevizoea vyote kwa miaka. Gemu ikiwapa kazi moja wote wawili, mshindi anajulikana kabla ya filimbi.

Kwa hiyo watafute gemu inayompa kila mmoja kazi yake. Ninayoipenda kuliko zote ni Keep Talking and Nobody Explodes, iliyotengenezwa na studio ya Steel Crate Games ya Kanada mwaka 2015. Ipo kwenye PS4, na pia kwa Xbox One na Switch. Kijana anashika padi na kuitazama runinga, ambako kuna bomu lenye saa inayorudi nyuma. Baba haruhusiwi kuiona runinga. Anakaa ameipa mgongo, na mkononi ana mwongozo wa kurasa 23 wa kulitegua bomu hilo. Mwongozo hutolewa bure kwenye bombmanual.com, na ni vizuri kuuchapisha kwenye karatasi, maana kurasa za simu zinachelewesha. Anayeliona bomu hajui la kufanya. Anayejua la kufanya halioni bomu. Kilichobaki ni kuzungumza.

Tuchukue sehemu ya waya, ambayo ndiyo rahisi. Kijana anasema: "Baba, waya ziko tatu. Kutoka juu: bluu, bluu, nyekundu." Baba anafungua ukurasa wa waya tatu na kusoma masharti kwa mpangilio. Kama hakuna nyekundu, kata ya pili. Nyekundu ipo, kwa hiyo anasonga mbele. Kama ya mwisho ni nyeupe, kata ya mwisho. Si nyeupe, anasonga tena. Kama bluu ni zaidi ya moja, kata bluu ya mwisho. Hapo ndipo pake. "Kata ya pili, mwanangu." Angeliruka sharti hilo la tatu, angeangukia la nne linalosema kata ya mwisho, na hilo lingekuwa kosa. Kwa kawaida kosa la tatu hulipua bomu, na kila kosa huongeza kasi ya saa.

Hapa umri wa baba unageuka kuwa faida. Mtu aliyezoea kusoma mikataba, risiti au maelekezo ya dawa hasahau kwamba masharti husomwa kuanzia la kwanza, na kwamba unasimama kwenye lile la kwanza linalotimia. Vijana wengi huruka. Waya zikiwa nne, baba atalazimika pia kuuliza kama tarakimu ya mwisho ya namba ya bomu ni witiri, nayo imeandikwa ubavuni, kwa hiyo kijana aligeuze bomu aitafute. Mkisikia mnapigiana kelele, tatizo karibu kila mara ni moja: kijana ametaja rangi bila kusema anahesabu kutoka wapi, au baba ameanza kutoa jibu kabla ya kuuliza idadi. Kubalianeni mapema: kwanza idadi, kisha rangi kutoka juu kwenda chini, kisha baba anarudia alichosikia.

Gemu hii ina mpaka wake. Mwongozo huo ni wa Kiingereza, na kuna sehemu inayochezea maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti. Baba asiyekisoma vizuri itamchosha. Tena, mkishazikariri kanuni, msisimko hupungua. Hapo badilishaneni viti. Baba akishika padi atagundua inamtaka aelekeze na kubofya tu, bila kukimbia wala kuruka.

Akishazoea, hatua inayofuata ni It Takes Two ya 2021, kutoka studio ya Hazelight ya Uswidi. Hii haichezwi peke yako kabisa: inataka padi mbili, na runinga hugawanywa nusu kwa nusu. Katika sura ya banda la zana, Cody anarusha misumari ukutani na May, mwenye nyundo, anaining'inia avuke. Hapa baba atapata tabu ya kweli, kwa sababu kijiti kimoja kinatembeza mtu na kingine kinageuza macho kwa wakati uleule. Ningempa Cody, asimame alenge, kijana aruke. Akianguka, hurudi karibu na alipoangukia, na mwenzake anaendelea kumsubiri ng'ambo.