Nguvu ya Kipotoshi Kisichoonekana: Hoja ya Cornfield juu ya Sigara na Saratani

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna mtaalamu anavyoweza kuitetea, au kuiacha, hoja iliyojengwa juu ya mambo aliyoyatazama tu bila ya kuyafanyia jaribio. Adui wa hoja ya namna hiyo ni sababu ya tatu ambayo haikupimwa: yaathiri kile kidhaniwacho kuwa chanzo, na papo hapo yaathiri tokeo lake. Sababu hiyo nitaiita kipotoshi, kwa kuwa haiufuti uhusiano uonekanao bali huupotosha.

Mwaka 1950 Doll na Hill walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali za London, wakaonyesha kwamba uvutaji wa sigara unaandamana na saratani ya mapafu. Mwaka 1958 R. A. Fisher, bingwa wa takwimu, alipinga. Alidai kuwa huenda maumbile ya kurithi ndiyo yanayomfanya mtu apende sigara na ndiyo yayo hayo yanayomletea saratani. Alitaja mapacha wa kufanana kabisa, ambao tabia zao za uvutaji zilikaribiana kuliko za mapacha wengine. Pingamizi hilo lilikuwa zito, kwani hapana aliyeweza kuyapima maumbile hayo.

Jerome Cornfield na wenzake watano walijibu mwaka 1959. Hawakujaribu kuthibitisha kwamba kipotoshi hakipo. Waliuliza swali jingine: kama kipo, chapaswa kuwa na nguvu kiasi gani hata kiweze peke yake kuleta tofauti ionekanayo? Walichukua mfano kwamba hatari ya wavutaji ni mara 9 ya hatari ya wasiovuta, wakaonyesha kuwa, ikiwa sigara haina dhara, basi umbile hilo lazima lienee kwa wavutaji angalau mara 9 kuliko kwa wasiovuta.

Sababu yake yaonekana kwa hesabu nyepesi. Tuseme asiye na umbile ana hatari ya kipimo 1, na mwenye nalo ana hatari ya kipimo r. Tuwaze kuwa wasiovuta 5 katika 100 wana umbile hilo, na wavutaji 90 katika 100. Jumla ya hatari ya wasiovuta ni 95 + 5r, na ya wavutaji ni 10 + 90r. Ili ya pili iwe mara 9 ya kwanza, yatakiwa 10 + 90r = 855 + 45r; yaani r iwe karibu 19. Sasa tuwape wasiovuta 10 katika 100 badala ya 5. Jumla yao yawa 90 + 10r, na hata r ikuzwe namna gani, uwiano hautafika 9 kamwe. Tukiwapa 20, ingebidi wavutaji 180 katika 100 wawe na umbile hilo, jambo lisilowezekana. Hivyo mzigo wa uthibitisho ukamrudia mpinzani: na alionyeshe umbile lenye nguvu hiyo.

Lakini kipimo hiki hukata pande zote mbili. Tuseme twadai kuwa watoto wa nyumba zenye vitabu hufaulu mara 1.5 kuliko wenzao. Kama wazazi waliosoma wamo katika nyumba 20 kwa 100 zisizo na vitabu, na 50 kwa 100 zenye navyo, yatosha kisomo cha mzazi kiongeze kufaulu mara 3.5 tu, na dai letu lote laanguka. Kipotoshi cha kadiri hiyo si kigeni.

Mwaka 2017 VanderWeele na Ding walitoa kanuni fupi: uwiano ukiwa R, kipimo ni R + √(R(R − 1)). Kwa 1.5 twapata karibu 2.4, kwa 9 twapata karibu 17.5. Maana yake ni kwamba kipotoshi lazima kifungamane na chanzo na tokeo pia kwa nguvu isiyopungua hiyo. Kifungo kimoja kikiwa hafifu zaidi, kingine hakina budi kuwa imara zaidi.

Namba hiyo haisemi kama kipotoshi kipo. Huisomi ila kwa kuilinganisha na mambo yajulikanayo katika uwanja uleule: ikiwa hapana sababu iliyopimwa inayokaribia nguvu hiyo, hoja yasimama. Yafaa pia kuikokotoa kwa mpaka wa chini wa makadirio, maana bahati nasibu nayo ina sehemu yake. Wala haiponyi sampuli iliyochaguliwa vibaya, wala majibu ya uongo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Cornfield alimpa asiyekuwapo nafasi barazani, kisha akamtaka ataje nguvu zake.