Shafti ya Mashine ya Kusaga Inapolemewa

Mkanda wa mashine ya kusaga mahindi huitendea shafti mambo mawili kwa pamoja: unaisokota, na unaivuta upande hadi ipinde. Kupima kila jambo peke yake hakutoshi.

Tuchukue shafti ya chuma laini, kipenyo milimita 40, inayopindwa kwa nyutonimita 600 na kusokotwa kwa 450. Kwenye ngozi yake, mpindo unaleta mkazo wa mvuto wa megapaskali 95, msokoto unaleta mkazo wa kukata wa 36. Ukiigeuza pembe unayotazamia, utafika mahali ambapo mkazo wa kukata unatoweka na kubaki mikazo mikuu miwili: mvuto wa 107 na mgandamizo wa 12.

Mhandisi Mfaransa Henri Tresca alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba chuma kinachonyumbuka huanza kulegea kwa kuteleza ndani. Kwa hiyo kinachohesabika ni tofauti ya mikazo mikuu. Hapa mmoja unavuta, mwingine unagandamiza, basi tofauti ni 119. Chuma hiki hulegea kwenye 250. Tuna usalama wa takriban mara mbili. Anayetazama 107 pekee anajidanganya.

Hesabu hii, hata hivyo, ni ya mzigo uliotulia. Shafti inayozunguka huvutwa na kugandamizwa kila mzunguko, na ufa wa uchovu huanzia kwenye mfereji unaoishikilia puli, chini kabisa ya 250. Ikikatika, tazama uso wa mkato: mistari iliyojipinda kama pete hudhihirisha uchovu.