Macho Yanayofanya Kazi ya Masikio: Mwanafunzi Kiziwi Katika Darasa la Kawaida

Mtoto anayesikia huandika daftarini huku akimsikiliza mwalimu. Macho yapo kwenye karatasi, masikio yapo kwa mwalimu, na kazi mbili zinakwenda sambamba. Mwanafunzi kiziwi hana nafasi hiyo. Macho yake ndiyo yanayosoma ubao, ndiyo yanayofuata midomo na mikono ya mwalimu, ndiyo yanayomtafuta mwenzake anayejibu swali. Akiinama kuandika, kwake mwalimu amenyamaza. Mabadiliko karibu yote ambayo somo la kawaida linahitaji kwa ajili yake yanatokana na ukweli huo mmoja: macho hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Midomo inaonyesha nini

Walimu wengi huamini kwamba kiziwi akikaa mbele atasoma midomo na mambo yatakwenda. Kipimo cha imani hiyo ni kioo. Mtu akisimama mbele yake na kutamka bila sauti maneno baba, mama na papa, ataona kitu kilekile mara tatu: midomo inafunga, inafunguka, inafunga tena, inafunguka. Tofauti ya sauti hizo iko puani na kooni, mahali ambapo jicho halifiki. Vivyo hivyo, fua nguo na vua nguo haviachani hata kidogo midomoni, ingawa agizo moja likichukuliwa kuwa jingine ni aibu kubwa. Sauti za k na g hutengenezwa nyuma kabisa ya mdomo, kwa hiyo huonekana kwa shida au zisionekane kabisa.

Msomaji wa midomo basi hukisia sehemu kubwa ya anachokipata, na ukisiaji wake hutegemea sentensi nzima. Neno baba likitamkwa peke yake halitambuliki, lakini katika sentensi "Baba amekwenda kulima shambani" maneno mengine hulisaidia. Ndiyo maana mwalimu hunufaika kwa kusema sentensi kamili, kwa mwendo wake wa kawaida, bila kitabu wala mkono mbele ya mdomo. Kupiga kelele hakusaidii. Sauti ya juu huupotosha mdomo, na kwa mtoto anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, huweza kuumiza. Sentensi isipoeleweka, kuirudia vilevile mara ya tatu ni kurudia fumbo lilelile. Kinachofaa ni kuibadilisha maneno au kuandika neno lililokwama ubaoni.

Mahali pa kukaa

Ushauri uliozoeleka ni kumweka mwanafunzi kiziwi dawati la kwanza, katikati, chini ya pua ya mwalimu. Mahali hapo pana kasoro mbili. Mtoto hulazimika kuinua shingo kipindi kizima, na darasa lote linabaki mgongoni kwake. Mwenzake akijibu swali kutoka nyuma, yeye huona tu kwamba mwalimu amefurahi au amekasirika, bila kujua sababu.

Katika chumba chenye safu tatu za madawati, mahali pazuri zaidi huwa ni dawati la pili kutoka mbele, kwenye safu ya pembeni, na mtoto akae upande wa ukutani. Dawati hilo likigeuzwa mshazari kidogo, mgongo wake unaelekea ukutani, na kwa kugeuza kichwa tu anamwona mwalimu, ubao na wenzake wengi. Safu ya kushoto au ya kulia huchaguliwa kwa kuangalia sikio. Mtoto ambaye sikio lake la kulia bado linapata sauti kiasi hukaa safu ya kushoto anapoutazama ubao, ili sikio hilo lielekee darasani badala ya ukutani.

Kitu cha pili ni mwanga. Mwalimu akisimama dirishani au mlangoni, jua likiwa nyuma yake, uso wake huwa kivuli cheusi na midomo hupotea. Mwanga unatakiwa uangukie uso wa mwalimu, na utoke nyuma au ubavuni mwa mwanafunzi. Kabla ya kumkabidhi mtoto kiti chake, mwalimu anaweza kukikalia mwenyewe, mwenzake akasimama ubaoni na kuzungumza. Ikiwa meno na ulimi wa mzungumzaji havionekani, mahali hapo hapafai. Sehemu inayoonekana vizuri kutoka kwenye kiti hicho huwekewa alama ya chaki sakafuni, na hapo ndipo mwalimu husimama kila anapotoa maelezo. Kuzunguka darasani huku ukizungumza, tabia inayosifiwa katika ufundishaji wa kawaida, humkatia mwanafunzi huyu mazungumzo kila mwalimu anapogeuka.

Shimesikio halifuti haja ya mpangilio huu. Kifaa hicho hukuza sauti ya mwalimu pamoja na mlio wa madawati, kelele za darasa la jirani na mvua juu ya bati. Mwalimu akiwa umbali wa mita moja au mbili, sauti yake hushinda. Akiwa upande wa pili wa chumba, humezwa na hizo nyingine.

Ishara za kuonekana

Darasa la kawaida huendeshwa kwa sauti nyingi ndogo: kengele, makofi, "fungueni ukurasa wa ishirini", "kalamu chini". Kila moja inahitaji mwenzake wa kuonekana. Upande mmoja wa ubao hutengwa usifutwe kipindi kizima, na juu yake huandikwa mada, ukurasa na hatua za somo kwa namba, kisha mshale husogezwa kila hatua inapoanza. Kuita macho ya darasa, mwalimu huinua mkono juu na kila anayeuona huinua wake, mpaka mikono yote iwe juu. Mtoto kiziwi huuona msitu wa mikono hata kama alikuwa ameinama. Kumwita yeye peke yake, kugusa bega kwa upole au kugonga dawati lake kunatosha.

Majibu ya pamoja, darasa zima likiitikia "Ndiyo, mwalimu", hayana umbo machoni. Hubadilishwa kwa urahisi: maswali yenye majibu ya kuchagua hujibiwa kwa vidole, kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili. Njia hii humfaa pia mwalimu, kwa sababu anaona jibu la kila mmoja, ilhali katika kuitikia kwa pamoja wasiojua hujificha nyuma ya sauti za wanaojua. Mwanafunzi mmoja anapojibu, mwalimu humwonyesha kwa mkono, husubiri kiziwi ageuke, na baada ya jibu hulirudia akiwa kwenye alama yake ya chaki.

Somo moja, hatua kwa hatua

Mfano unaofaa ni somo la sayansi la dakika 40 kuhusu kuota kwa mbegu, katika darasa la watoto 60. Siku tano kabla, mwalimu ameweka maharage katika glasi tatu: A ina pamba yenye unyevu, B ina pamba kavu, na C ina maji yaliyochemshwa yakapoa, yakafunikwa kwa mafuta ya kupikia ili hewa isiingie. Siku ya somo, ni maharage ya A pekee yaliyotoa mizizi.

Kwa kawaida mwalimu angeinua glasi A na kueleza hapohapo. Mtoto anayesikia angeitazama mbegu huku akisikiliza. Kiziwi angelazimika kuchagua, na kwa kuwa mbegu yenye mzizi inavutia kuliko mdomo wa mwalimu, maelezo yangempita.

Somo lililorekebishwa huanza kwa maneno matano ubaoni, mbegu, maji, hewa, mzizi na kuota, kila moja na kichoro chake. Mwalimu huyagusa moja baada ya jingine kabla ya kusema lolote. Kisha glasi tatu hupita, kila safu ikianza na yake na kubadilishana, na muda huo wa dakika sita hivi mwalimu hasemi kitu. Glasi zikirudi mezani, huinua mkono, husubiri macho, kisha husema sentensi moja akiwa kwenye alama yake: "Mbegu ya glasi A imeota." Hugusa neno kuota, hunyamaza, huiinua glasi tena.

Baadaye huchora jedwali lenye vichwa vinne: glasi, maji, hewa, imeota. Anapochora hazungumzi, na anapozungumza hachori. Wanafunzi hujaza alama za ndiyo na hapana, na safu ya C inapoonyesha kwamba maji yalikuwepo lakini hewa haikuwepo, hoja ya somo iko wazi mbele ya macho bila kusubiri hotuba. Dakika nane za kunakili ni za kimya kabisa. Nyongeza muhimu ikimjia mwalimu wakati huo, huisubirisha mpaka vichwa viinuke.

Swali la mwisho huandikwa: mbegu za glasi B zikitiliwa maji leo, nini kitatokea baada ya siku tano? Mtoto kiziwi anaweza kujibu kwa mchoro. Akichora mizizi, amelielewa somo. Akichora tena mbegu kavu, amenakili jedwali bila kuelewa sababu.

Dalili kwamba mpangilio haufanyi kazi

Swali "Umeelewa?" halipimi kitu, kwani mtoto aliyezoea kuachwa nyuma hutikisa kichwa kukubali ili aachwe kwa amani. Dalili za kweli ni nyingine. Hufungua kitabu baada ya kuchungulia cha jirani, na hucheka sekunde moja baada ya wenzake. Daftari lake ni safi kuliko yote, lakini hawezi kueleza alichoandika. Akianza kusinzia au kuangalia chini baada ya robo saa ya maelezo, mara nyingi si uvivu: kukisia midomo mfululizo huchosha, na somo linahitaji kukatwa kwa kazi ya mikono.

Jirani wa dawati husaidia kwa kuonyesha ukurasa au mstari, na ni vizuri wabadilishane kila wiki ili asiwepo mtoto mmoja anayepoteza masomo yake. Kazi yake haifiki kwenye kutoa majibu.

Mpaka wa marekebisho haya

Kiti kizuri na ubao uliopangwa humfaa mtoto ambaye tayari ana lugha. Aliyezaliwa kiziwi katika nyumba isiyojua ishara huweza kufika shuleni bila lugha yoyote, na hakuna kichoro kitakachomjazia pengo hilo. Huyo anahitaji kwanza Lugha ya Alama ya Tanzania au, akiwa Kenya, Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo imetajwa katika Katiba ya nchi hiyo ya 2010. Lugha hizo mbili ni tofauti, kila moja ina msamiati na sarufi yake, na hujifunzwa kutoka kwa viziwi wenyewe na walimu wanaozijua. Mkalimani akipatikana, husimama karibu na mwalimu ubaoni ili macho yasisafiri mbali, naye mwalimu huzungumza na mtoto, si na mkalimani. Tafsiri huchelewa sekunde chache, kwa hiyo swali likiulizwa, mikono ya haraka husubiri mpaka mkalimani amalize, ndipo mwalimu anapochagua wa kujibu.