Mfupa Unapokataa Kuunga

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa muundi na kuwekewa msumari wa chuma ndani yake. Miezi kumi imepita na kidonda kimefunga zamani, lakini kila akikanyaga bado anaumia palepale palipovunjika. Eksirei inaonyesha kuwa skrubu ya chini imekatika. Nyumbani wanasema aliwekewa chuma kibovu. Mara nyingi chuma hakina kosa: kimebeba uzito wa mwili kwa miezi mingi bila mfupa kukipokea mzigo, mwishowe kikachoka.

Kwa kipimo kinachotumika sana, mfupa huhesabiwa kuwa umeshindwa kuunga ikipita miezi 9 tangu uvunjike, na kwa miezi 3 ya mwisho eksirei zisionyeshe maendeleo yoyote. Kabla ya kutafuta sababu nyingine, daktari huanza na vijidudu, kwa kuwa maambukizi yaliyojificha hubadili matibabu yote. Huuliza kama kidonda kiliwahi kutoa usaha, hupima damu kuona dalili za uvimbe wa ndani, na siku ya upasuaji huchukua vipande kadhaa vya nyama na mfupa vipelekwe maabara. Majibu ya damu yakiwa mazuri, shaka hupungua, ila haiishi mpaka vipande hivyo vijibiwe.

Tuseme dereva wetu hana vijidudu. Hapo eksirei yake isomwe kwa makini. Ncha mbili za mfupa zimenenepa na kutanuka, mfupa mpya umejaa pande zote, lakini katikati umekatwa na mstari mweusi. Mwonekano huu madaktari huufananisha na mguu wa tembo. Maana yake ni kwamba damu inafika na mwili unajenga kwa bidii. Kinachokosekana ni utulivu. Kila hatua anayopiga, sehemu ile hucheza kidogo, vimishipa vya damu vinavyojaribu kuvuka hukatika, na katikati hubaki gegedu na nyuzi badala ya mfupa.

Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hahitaji kupandikizwa mfupa. Daktari huutoa msumari wa zamani, hukwangua mfereji wa mfupa kwa ndani na kuupanua, kisha huweka msumari mnene zaidi, pengine wa milimita 11 mahali pa ule wa 9, na kuufunga kwa skrubu mpya. Msumari mnene hushika vizuri zaidi, na unga wa mfupa unaobaki baada ya kukwangua husaidia kuunga. Mchezo ukikoma, lile gegedu lililokuwa kikwazo hugeuka mfupa lenyewe.

Sasa mweke pembeni mgonjwa mwingine, ambaye muundi wake ulitoboa ngozi siku ya ajali na vipande kadhaa vikapotea. Eksirei yake haina mfupa mpya hata kidogo, na ncha zimenyong'onyea na kuchongoka. Huyu amekosa uhai wa mfupa. Muundi unaathirika sana kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna misuli ya kuupatia damu. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huzidisha tatizo. Kumwekea chuma kigumu zaidi peke yake hakutamponya.

Kwake daktari hukata ncha zilizokufa mpaka aone vitone vya damu vikichomoza kwenye mfupa wenyewe, kisha huzishika imara kwa bamba au msumari. Pengo hulijaza mfupa laini uliochotwa kwenye ukingo wa nyonga yake mwenyewe. Mfupa huo una chembe hai, una vichocheo vya ujenzi, na vitundu vyake hupitisha mishipa mipya. Gharama yake ni maumivu ya nyonga yanayoweza kudumu wiki kadhaa au zaidi, na kiasi kinachopatikana kina kikomo.

Pengo likizidi takriban sentimita 5, mfupa uliojazwa hivi hivi huweza kunyonywa na mwili kabla haujashika. Kwa hiyo wapo wanaoweka kwanza saruji ya kitabibu ndani ya pengo kwa wiki 6 hadi 8, mwili uizungushie utando wenye damu nyingi, ndipo waitoe na kujaza mfupa ndani ya utando ule. Wengine hufuata njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan nchini Urusi: mfupa hukatwa sehemu yenye afya, na kwa pete za chuma zilizo nje ya mguu husogezwa kama milimita 1 kwa siku, huku mfupa mpya ukiota nyuma yake.

Kwa hiyo ukiambiwa urudi kupasuliwa, muulize daktari mambo mawili kabla ya kutia sahihi: je, vijidudu vimetafutwa, na je, mfupa wangu umekosa utulivu, uhai, au vyote viwili? Na kama unavuta sigara, acha sasa, usisubiri tarehe ya upasuaji.